Rede Isiyotoa Mtu

Bi Zuhura hakuja kubishana, alikuja kuaga. Alisimama mlangoni mwa darasa na khanga yake ya kazi kiunoni, mikono inanuka mabibo, yale matunda ya mkorosho, akamwambia mwalimu Modesta kwamba msimu wa korosho umeshaanza na mjukuu wake hatakuja tena shuleni. Mwanaidi atakwenda naye shamba kuokota korosho. Huko, alisema, hakuna wa kumcheka.

Modesta aliiweka chaki mezani. Yeye ndiye mwalimu wa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili katika shule ile ya msingi, njia ya kwenda Msimbati, mahali ambapo magari ya mtambo wa gesi hupita yakiwatimulia watoto vumbi la mchanga. Kwao ni Njombe. Alipangiwa kazi Mtwara, akalia siku mbili, akafunga mizigo, na sasa ukimwambia arudi Njombe atakuuliza nani atabaki na watoto wake. Na kati ya watoto hao, aliyemwingia moyoni kuliko wote ni huyu huyu Mwanaidi, msichana mrefu, mkimya, anayechukua muda mrefu kulijibu neno lakini akishalishika halimtoki.

"Bibi, shikamoo. Karibu ukae kwanza," Modesta alisema.

"Marahaba. Sikai, mwalimu. Nikikaa utanibembeleza."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka uliopita, siku ya wazazi, shule iliwaingiza watoto wote kwenye mbio za magunia, wakiwemo wa kitengo, bila kuwaandaa wala kuwaonyesha. Mwanaidi alipewa gunia akalivaa kichwani. Si watoto tu waliocheka, walicheka na watu wazima, watu wenye ndevu zao na heshima zao, na mmoja akaropoka "zezeta" kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mtoto alijikojolea pale pale ndani ya gunia. Aliporudi nyumbani alikaa nyuma ya jiko, na muhula mzima uliofuata hakuvuka kizingiti cha shule. Modesta ndiye aliyekwenda na kurudi, akikaa na bibi kubangua korosho mpaka vidole vikaungua kwa mafuta ya maganda yake, hadi mtoto akakubali kutoka. Na sasa siku ya wazazi ilikuwa inakaribia tena.

Hapo mdomo wa Modesta ukamponza. Badala ya kuomba apewe muda wa kufikiri, alisema, "Bibi, nipe mpaka siku ya wazazi. Njoo umwone Mwanaidi akicheza mbele ya watu. Akichekwa, mchukue, na mkoba wake nitaubeba mimi mwenyewe mpaka kwako."

Bi Zuhura alimtazama kama anayetazama mtu aliyeuza nyumba isiyo yake. Kisha akasema, "Akichekwa tena, mwalimu, usinifuate nyumbani." Akaondoka zake.

Modesta alikaa chini akajisonya. Alikuwa ameahidi mchezo, na mchezo wenyewe hakuwa nao.

Ila kitu kimoja alikuwa nacho, macho. Kila mapumziko wasichana wa darasa la sita walicheza rede nyuma ya choo cha wavulana, na kila walipocheza, Mwanaidi alisimama ukutani akiwatazama, mabega yake yakikwepa mpira ambao haukurushwa kwake. Rede kila mtu anaijua. Wawili wanasimama huku na huku wanarushiana mpira, wa kati anaukwepa, na akipata nafasi anajaza mchanga kwenye chupa. Chupa ikijaa, ameshinda. Mpira ukimgusa, katoka. Mara mojamoja wasichana walimwonea huruma Mwanaidi wakamwingiza. Mpira wa kwanza tu ulimkuta kasimama anatabasamu. Katoka. Anakwenda kukaa ukutani, na mapumziko yanaisha.

Modesta alilitafakari jambo hilo akaona upuuzi wake. Mtoto anayehitaji kucheza mara nyingi ndiye anayetolewa wa kwanza, halafu watu wanashangaa kwa nini hajui. Mwenye kujua anaachwa aendelee kujifunza, asiyejua anakalishwa. Kama ni chakula, hapo aliyeshiba ndiye anayepakuliwa. Basi akaamua kwamba rede yake haitatoa mtu.

Alianza kuipunguza ugumu. Chupa yenye mdomo mwembamba akaiondoa, akaweka kopo la maziwa ya unga, mdomo mpana, mkono wote unaingia. Mpira wa kurushwa akaugeuza wa kubingirishwa, polepole, nao mkubwa na laini, wa matambara yaliyofungwa kwa kamba za katani. Akachora duara kwa majivu, akasema hiyo ndiyo nyumba, mpira ukija ingia nyumbani. Ukiguswa je? Ukiguswa unarudi kwenye duara, halafu unaendelea pale pale ulipoishia, na mchanga wako hamwagi mtu. Sheria zikaisha hapo. Waliobingirisha walikuwa Asia na Faraja, wasichana wawili wa darasa la sita ambao Modesta aliwachagua kwa sababu moja tu, kwamba hawakuwa na haraka.

Kadi za picha, za kuwaonyesha watoto hatua za mchezo, zilimpa shida. Alikata maboksi, akachora kwa kalamu ya wino mzito: mpira, kopo, mchanga. Mpira aliouchora ulikuwa ule wa kwenye televisheni, wenye madoa meusi na meupe, kauchora vizuri akajisifu. Alipomwonyesha Mwanaidi, mtoto alitazama kadi, akatazama lile furushi la matambara, akatazama tena kadi. Kisha akaanza kuutafuta mpira wa picha, chini ya madawati, nyuma ya mlango. Modesta alijicheka mwenyewe. Mtoto hakukosea hata kidogo, picha haikuwa ya kitu kile.

Jumamosi yake alikwenda mjini na picha alizopiga kwa simu. Mkono ukichota mchanga, mchanga wa pale pale shuleni. Mkono ukimimina kwenye kopo, kopo lile lile. Miguu ndani ya duara la majivu. Steshenari wakamchapia kubwakubwa, akazibandika kwenye maboksi na kuzivisha nailoni zisiloane. Akafunga kamba kati ya miti miwili, akazibana kadi kwa vibanio vya nguo kwa mpangilio wake. Kila kadi ikawa na neno lake moja, na neno hilo halikubadilishwa. Chota. Mimina. Duara. Kadi ya kuchota ikiinuliwa juu, ndiyo mchezo umeanza.

Mwalimu mkuu, mwalimu Kasiani, alikuja kuangalia. Mtu mwema kabisa, mkubwa wa mwili na wa sauti, mwenye filimbi shingoni ambayo nadhani hata msibani alikwenda nayo. Alimwinamia Mwanaidi akamwambia, "Sasa mwanangu, wewe unachotakiwa kufanya ni kuchukua mchanga kutoka hapo halafu uende ukauweke pale, ila uangalie mpira usije ukakupata, umenielewa?" Mwanaidi akamwangalia kifungo cha shati.

"Mwalimu," Modesta alimwambia kwa upole, "neno moja. Halafu unanyamaza, unasubiri."

"Nasubiri mpaka lini?"

"Mpaka ajibu yeye. Ukirudia kabla hajamaliza kulifikiria la kwanza, unamwanzishia safari upya."

Mwalimu Kasiani akatikisa kichwa akasema elimu kweli haina mwisho, akaenda zake akipiga filimbi, na shule nzima ikakimbilia mstarini.

Watu wengi wanadhani kumfundisha mtoto kazi ni lazima uanzie mwanzo. Modesta alianzia mwisho. Alijaza kopo mwenyewe karibu na ukingo, likabakia konzi moja tu, mchanga wa kujaza kiganja. Akainua kadi, akasema, "Chota." Akasubiri. Mwanaidi alitazama kadi, akatazama mchanga, akainama akachota. "Mimina." Akamimina. Kopo likajaa. Modesta akamshika mikono wakaliinua kopo juu ya kichwa pamoja, na watoto wote wa kitengo wakapiga makofi. Mwanaidi aliduwaa. Katika maisha yake yote hakuwahi kumaliza kitu watu wakashangilia.

Wakamwaga, wakarudia. Kesho yake Modesta aliacha konzi mbili, kisha tatu, kisha nusu kopo. Kila mara mtoto alimaliza, kila mara kopo lilipanda kichwani. Mpira ulikuja baadaye, kwanza ukiwa umesimama tu kando, halafu ukibingirika mbali, halafu karibu. Siku nyingine Mwanaidi alisahau duara kabisa, mpira ukamgusa mguu, Modesta akagonga kadi ya miguu, "Duara," naye akaenda, akarudi, akaendelea. Hapakuwa na aliyesema katoka.

Hata hivyo nisimpambe sana Modesta. Juma moja alichoka yeye mwenyewe. Kopo lile lile, mchanga ule ule, maneno yale yale. Akaona watoto nao lazima wamechoka, akaongeza mpira wa pili na wimbo wa kupiga makofi. Mambo yakavurugika palepale. Mwanaidi alirusha kopo ukutani, mwenzake mmoja akalala chini akaziba masikio. Jioni Modesta alitoa mpira wa pili, akafuta na wimbo, akakubali kwamba aliyechoka alikuwa mwalimu peke yake. Watoto walikuwa wanaanza tu kunogewa.

Siku ya wazazi ikafika. Viti vikapangwa kivulini, akina mama na khanga zao mpya, wazee na kofia zao, watoto wadogo wakigombania mabibo. Bi Zuhura alikaa mstari wa nyuma, karibu na njia ya kutokea, mkoba wa Mwanaidi umekumbatiwa magotini. Modesta alimwona. Alijua yule mama hakukaa pale kwa bahati mbaya.

Kamba ikafungwa, kadi zikabanwa, duara likachorwa. Watoto wa kitengo wakapanga makopo yao. Kila kitu kilikuwa kama kila siku, na hilo Modesta alikuwa amelisimamia kwa ukali: mahali pale pale, makopo yale yale, Asia na Faraja wale wale. Akaishika kadi ya kuchota, akavuta pumzi ainue.

Basi mwalimu Kasiani, kwa mapenzi yake yote, akaona jambo kubwa kama hili haliwezi kuanza kimyakimya. Akajaza mashavu akapiga filimbi.

Na filimbi katika shule ile ilikuwa na maana moja. Modesta mwenyewe ndiye aliyewafundisha, mwaka wake wa kwanza, kwa kurudia mpaka sauti ikamkauka: ukisikia filimbi, nenda mstarini. Lilikuwa somo la kwanza walilolishika, na walilishika barabara. Kitengo kizima kiliacha makopo, kikakimbia, kikajipanga mbele ya mlingoti wa bendera, mikono imebana mapajani, nyuso mbele, wamenyooka kuliko darasa la saba. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwalimu mkuu asipige filimbi. Modesta alipanga kila kitu, hilo hakuliwaza.

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa kupendezwa, lakini kicheko cha wengi hakina namna ya kujieleza. Mwanaidi alisikia. Mabega yake yakapanda mpaka masikioni. Mwalimu Kasiani aliiachia filimbi kama imemuunguza mdomo.

Bi Zuhura alikuwa ameshasimama. Alikaza khanga yake akapita katikati ya viti, hamwombi mtu njia, anakwenda moja kwa moja mstarini.

Modesta alitaka kukimbia. Alitaka awahi, amshike mtoto mkono, amvute mpaka kwenye mchanga, aseme maneno mia. Miguu ilikuwa inamwasha. Lakini akakumbuka alichomwambia mwalimu mkuu, na ilimuuma, kwa maana ni rahisi kumwambia mwenzio asubiri. Akainua kadi ya kuchota juu kabisa, mikono miwili. Akasema mara moja tu, "Chota." Akanyamaza.

Bi Zuhura akafika. Akamshika mjukuu wake mkono, akasema, "Twende zetu, mama." Mwanaidi alimtazama bibi yake. Akatazama mlingoti. Kisha akaiona kadi. Aliitazama muda mrefu, mrefu mpaka watu waliokuwa wanacheka wakachoka kucheka, wakaanza kutazama anachotazama yeye.

Akauchomoa mkono wake taratibu, bila ugomvi, akatembea mpaka kwenye mchanga, akainama, akachota.

"Mimina," Modesta alisema, akiibana tena kadi ya kuchota kwenye kamba.

Akamimina. Wenzake nao wakaivunja mistari wakamfuata mmoja mmoja. Asia akabingirisha mpira, Faraja akaurudisha. Mwanaidi alichota, akamimina, mpira ukija akaingia kwenye duara, ukipita akatoka. Bi Zuhura alibaki amesimama pale pale alipoachwa, katikati ya uwanja, hajui akae wapi.

Kopo lilipofika nusu, mtoto mmoja mdogo alikimbia akifukuza bibo lake, Mwanaidi akageuka kumtazama, mpira ukamgonga kifundo cha mguu. Na akina mama, ambao wote wamekulia kwenye rede, wakapiga kelele kwa pamoja bila hata kukusudia, "Katoka!"

Modesta akafumba macho.

Alipoyafumbua, Mwanaidi alikuwa ndani ya duara. Amesimama, miguu pamoja, kama kwenye kadi. Halafu akatoka, akarudi kwenye mchanga, akachota. Kelele ile haikumpata kwa sababu neno lile halikuwemo kwenye mchezo wake. Alijua ukiguswa unarudi nyumbani halafu unaendelea. Hakujua kingine. Akina mama wakatazamana. Mmoja akasema, "Kumbe hii haina kutoka," na mwingine akamjibu, "Mbona tulivyocheza sisi hatukuiwazia hiyo." Kuanzia hapo hakuna aliyecheka. Walianza kuhesabu makonzi kwa sauti, na kila konzi ilipoingia koponi walipiga kofi.

Kopo likakaribia ukingo. Modesta aliona, na moyo ukaanza kumtulia, akajiandaa kwa makofi. Konzi moja ilikuwa imebaki. Lakini Mwanaidi hakuchota. Alisimama, akageuka, akamtafuta bibi yake kwa macho.

Alimwendea akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye mchanga. Akaigonga kadi iliyoning'inia kwenye kamba, kama mwalimu wake anavyoigonga. Akasema, na wengi pale ndiyo mara yao ya kwanza kuisikia sauti yake, "Chota."

Bi Zuhura alimtazama Modesta, hajui afanye nini. Modesta hakusema kitu. Mwanaidi naye hakurudia. Alisubiri, kimya, kama alivyosubiriwa yeye siku zote zile.

Basi Bi Zuhura akainama na mgongo wake wa shamba, akachota konzi ya mchanga.

"Mimina," Mwanaidi akasema.

Akamimina. Kopo likajaa. Mwanaidi akalishika na kuishika mikono ya bibi yake juu yake, wakaliinua pamoja hadi juu ya kichwa cha bibi, mchanga ukimwagikia kilemba chake, na uwanja mzima ukapiga makofi. Mwalimu Kasiani alipiga kuliko wote, filimbi akiwa ameitia mfukoni.

Modesta alikaa chini kwenye mchanga. Alilia, na hakujali nani anamwona. Alikuwa hajamfundisha mtoto kumwachia mtu konzi ya mwisho. Alimwachia tu, kila siku, na mtoto alikuwa anatazama.

Bi Zuhura alikung'uta mchanga kwenye kilemba polepole. Mkoba wa mjukuu wake aliupata kwenye kiti chake, akauvaa begani. Modesta alimsogelea, maana ahadi ni ahadi, watu walicheka, hata kama walicheka kidogo.

"Bibi," alisema, "nilisema nitaubeba mimi."

Bi Zuhura alimkabidhi mkoba ule. Modesta aliupokea akiwa amejiandaa kutembea nao mpaka kijijini. Bibi akamwinamia Mwanaidi, akampangusa mchanga usoni kwa upindo wa khanga, kisha akamgeukia mwalimu.

"Usiubebe popote. Uweke darasani," alisema. "Ila hilo kopo, mwalimu, naomba moja la nyumbani. Korosho nazo zinaokotwa moja moja, na Jumamosi hamna shule."